Kutuma kwa Ratiba Si Sawa na Kukatwa

Mkulima wa kahawa wa Mbinga anaposikia neno makato haelezwi mara mbili. Akichukua mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, deni hilo hutolewa katika mauzo ya kahawa, naye hupokea kilichosalia. Siku ya malipo haulizwi kama yu tayari, kwa kuwa ridhaa yake aliitoa siku alipochukua pembejeo. Lakini mfanyakazi wa Songea ambaye kila mwezi humtumia fedha mama yake aliyeko Mbamba Bay hafanyi hivyo. Yeye huamua mwenyewe kiasi, siku na mtu wa kupokea.

Siku hizi simu yaweza kuyatenda yote mawili bila mtu kubonyeza kitu siku yenyewe, na kwa sababu hiyo watu wengi huyachanganya. Tofauti yake huonekana pale salio linapopungua.

NANI HUTOA AMRI?

Katika kutuma kwa ratiba, amri hutoka kwa mwenye fedha. Huandika namba ya mpokeaji, kiasi, siku ya kuanza, kama malipo yatarudiwa kila wiki au kila mwezi, na siku ya mwisho. Kisha huthibitisha kwa namba yake ya siri. Mabenki yamekuwa na agizo la kudumu la aina hii kwa miaka mingi. Nchini Kenya, M-Pesa ya Safaricom ilileta huduma hiyo katika simu mwaka 2024 kwa jina la Ratiba. Mpokeaji hawezi kuongeza hata shilingi moja.

Katika makato, amri hutoka kwa anayedai. Mfano ulio karibu nasi ni Songesha ya Vodacom, ambayo humwongezea mteja salio kwa mkopo ili akamilishe malipo yake. Fedha yoyote iingiapo baadaye katika akaunti hiyo hulipa deni kwanza. Hapa hakuna tarehe uliyoichagua wewe. Kinachoamsha makato ni kuingia kwa fedha.

YAKIKUTANA SIKU MOJA

Tuchukue mfano wa mfanyakazi huyo wa Songea. Ameagiza mama atumiwe shilingi 50,000 kila tarehe 1 saa nne asubuhi. Tarehe 29 aliishiwa, akakopa 30,000 kwa njia ya kuongezewa salio. Tarehe 1 saa mbili asubuhi anaingiza 70,000 kwa wakala, akiamini kwamba zinatosha. Papo hapo deni na ada yake, tuseme jumla 32,000, vinakatwa. Zinabaki 38,000.

Saa nne inapofika, agizo halipati 50,000 pamoja na ada ya kutuma. Kwa kawaida agizo la namna hii halitumi nusu: hutuma kiasi chote au halitumi kabisa. Mama anangoja, na mwana anadhani fedha zimekwisha kufika. Hakuna aliyeibiwa, deni limetangulia ahadi.

Dalili ni rahisi kuiona. Muamala uliokamilika huleta ujumbe wenye namba ya kumbukumbu. Usipouona, fungua taarifa ya akaunti utazame kilichotoka mapema siku hiyo. Mwenye deni afanye hesabu hii kabla ya kuingiza fedha: deni, na ada yake, na kiasi cha kutuma, na ada ya kutuma. Katika mfano wetu, 70,000 hazikutosha tangu mwanzo. Tena siku ya agizo isiwe ile ile ya mshahara, kwani mshahara huweza kuchelewa. Siku mbili au tatu mbele ni salama zaidi.

KUSIMAMISHA

Agizo la ratiba husimamishwa na aliyelitoa, kabla ya siku yake, katika orodha ya maagizo. Kuifuta programu kwenye simu hakutoshi, maana agizo limehifadhiwa katika mitambo ya benki au kampuni. Ndiyo sababu hutekelezwa hata simu yako ikiwa imezimwa. Mama akibadili namba na agizo likasahauliwa, fedha zitaendelea kwenda kwenye namba ya zamani, ambayo huenda siku moja ikapewa mtu mwingine. Basi siku ya mwisho isiachwe wazi.

Makato hayasimami kwa kubonyeza tu. Ya mkopo hukoma deni likiisha. Yale ya ada za kila mwezi humtaka mteja aijulishe benki yake na pia yule anayekata, tena kwa maandishi. Na hata makato yakisimamishwa, deni hubaki palepale.

Kwa mkulima wa kahawa, ambaye fedha zake huja kwa msimu, agizo la kila mwezi litashindwa mara nyingi. Linalomfaa ni agizo la mara moja: mauzo yakishalipwa, aagize karo ya Januari itumwe kwa tarehe yake, kisha aziache fedha hizo katika akaunti isiyo na deni. Agizo halizifungi fedha, huzingoja tu.