Cheche Hutangulia Pistoni

Injini ya pikipiki ya sentimita za ujazo 125 ina silinda moja, pistoni moja na plagi moja. Kwa anayetaka kuelewa jinsi petroli inavyogeuka kuwa mwendo, hakuna pa kuanzia pazuri kuliko hapo, maana kila kitu hutokea mara moja na mahali pamoja. Nitatumia injini ambayo Honda waliibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya pikipiki ya CG125. Viwanda vya China viliiga umbo lake, na bodaboda nyingi za Kichina zinazopita mitaani kwetu zina injini ya ukoo huo. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Nitayarudia vipimo hivyo hapa chini, kwa sababu bila vipimo swali la cheche hubaki maneno matupu.

Safari moja ya pistoni, iwe ya kupanda au ya kushuka, ndiyo mpigo. Katika mpigo wa kwanza pistoni inashuka huku valvu ya kuingizia ikiwa wazi, na hewa iliyochanganyika na petroli ya kabureta inavutwa ndani. Katika wa pili valvu zote mbili zimefungwa, na pistoni inapanda ikiubana mchanganyiko huo. Katika wa tatu gesi iliyowaka inaisukuma pistoni chini, na huu ndio mpigo pekee unaoleta nguvu. Katika wa nne valvu ya kutolea inafunguka, pistoni inapanda tena na kuusukuma moshi kwenye ekzosi. Mipigo minne ni mizunguko miwili ya krenki. Kwa hiyo injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hupata msukumo mara 1,500 tu kwa dakika, yaani mara 25 kila sekunde. Muda mwingine wote hubebwa na uzito wa flaiwili.

Moto wenyewe uko wapi? Wengi husema uko katika mpigo wa tatu, na kwa nusu wako sahihi. Mahali unapowaka ni kale ka nafasi kanakobaki kati ya kichwa cha pistoni na silinda hedi pistoni ikiwa kileleni. Injini yetu hubana mchanganyiko takribani mara 9, kwa hiyo nafasi hiyo ina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 15, na ukiigeuza kuwa duara lenye upana wa silinda, kimo chake ni milimita 6 na kidogo. Petroli haiwaki ndani ya kabureta, wala haipaswi kuwaka ndani ya ekzosi. Huwaka hapo juu, na huanza kuwaka pistoni ingali inapanda, mwishoni mwa mpigo wa pili. Cheche inaruka kabla ya kubana kwisha.

Jambo hili huwasumbua watu, na kweli linaonekana kinyume cha akili. Kama moto unaisukuma pistoni chini, mbona tuuwashe wakati pistoni inapanda? Jibu ni kwamba mchanganyiko haulipuki kwa mkupuo. Cheche huwasha kiini kidogo sana karibu na ncha ya plagi, kiini hicho hukua polepole mwanzoni, kisha ukuta wa moto husafiri kuvuka chumba ukichoma kilicho mbele yake. Safari hiyo inataka muda, na krenki haisimami kuusubiri.

Tupige hesabu. Tuseme moto unasafiri kwa wastani wa mita 25 kwa sekunde, na njia yake ndefu kutoka kwenye plagi iliyo pembeni ni sentimita 5. Utatumia sehemu 2 za elfu za sekunde. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sehemu 20 za elfu za sekunde. Basi wakati moto unavuka chumba, krenki imeshazunguka sehemu moja ya kumi ya duara, yaani digrii 36. Cheche ingeruka pistoni ikiwa kileleni kabisa, moto ungemaliza kazi krenki ikiwa imepita kilele kwa digrii 36, na pistoni ingekuwa imeshuka karibu milimita 6. Kumbuka kimo cha chumba kilikuwa milimita 6 na kidogo. Nafasi imekaribia kuwa maradufu kabla petroli haijaisha kuwaka. Gesi ambayo ingekusanya shinikizo kubwa imekuwa ikikimbiza pistoni inayotoroka.

Kwa nini basi tusiwashe mapema sana, moto ukamilike pistoni ikiwa juu barabara? Hapo ni suala la mkono wa krenki. Pedali ya baiskeli ikiwa juu kabisa, ukiikanyaga wima kwa uzito wako wote haizunguki; inabidi isogee mbele kidogo ndipo nguvu ya mguu igeuke kuwa mzunguko. Pistoni, konrodi na krenki vikiwa kwenye mstari mmoja ni vivyo hivyo. Shinikizo kubwa likifika wakati huo linakandamiza beringi bila kuzungusha chochote, na likifika kabla ya hapo linapigana na pistoni inayopanda. Kwa injini za petroli kwa ujumla, faida hupatikana shinikizo likifikia upeo kati ya digrii 10 na 20 baada ya kilele. Lengo la taimingi ni kulifikisha shinikizo hapo, na cheche hurudishwa nyuma kwa kadiri ya muda ambao moto unauhitaji.

Muda huo, ukiuhesabu kwa digrii, hubadilika na mwendo. Injini ikiunguruma yenyewe bila kuvutwa mafuta, krenki inazunguka taratibu na moto una nafasi. Kwenye injini hii cheche huruka karibu digrii 15 kabla ya kilele. Mwendo ukiongezeka, digrii zilezile 15 hupita kwa muda mfupi zaidi, hivyo cheche inabidi iruke mapema zaidi, hadi karibu digrii 30. Bahati njema ni kwamba mwendo mkubwa huivuruga hewa ndani ya silinda na kuufanya moto ukimbie zaidi, la sivyo digrii zingelazimika kuongezeka maradufu kila mwendo unapoongezeka maradufu. Kazi hii ya kusogeza cheche inafanywa na kiboksi cha umeme ambacho mafundi hukiita CDI. Kinapokea ishara kutoka kwenye flaiwili kila krenki inapozunguka. Kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili katika mipigo minne, plagi hutoa cheche mara mbili pia. Moja inawasha mchanganyiko, nyingine inaruka bure katikati ya moshi unaotoka. Haina madhara.

Sasa tuangalie makosa. Cheche ikichelewa, pikipiki inakuwa nzito kupanda mlima, inakunywa mafuta, na bomba la ekzosi linapata joto kupita kiasi kwa sababu gesi inatoka ingali moto mno. Cheche ikiwahi mno, dalili ni nyingine. Ukipiga kiki, inaweza kurudi kwa nguvu na kuumiza mguu, kwa kuwa gesi imewaka na kuisukuma pistoni irudi ilikotoka. Barabarani, ukiwa na mzigo na umevuta mafuta yote, utasikia mlio mkavu wa chuma kugonga. Hiyo si sauti ya pistoni kugusa valvu. Ni mchanganyiko ulio mbali na plagi, ambao kabla moto haujaufikia, umebanwa na kupashwa joto hadi ukajiwasha wenyewe kwa ghafla. Mawimbi ya shinikizo hugonga kuta za chumba, na yakiendelea kwa muda mrefu hula kichwa cha pistoni hadi kutoboka.

Kisa kimoja kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu huwagharimu waendesha bodaboda fedha nyingi bila sababu. Pikipiki inakataa kuwaka, au inawaka kwa shida, inapiga mlipuko kwenye ekzosi, mara nyingine kiki inarudi. Fundi anachomoa plagi, anaigusisha kwenye chuma cha injini, anaona cheche nzuri. Petroli inafika. Mbano upo. Hata hivyo plagi mpya inanunuliwa, kisha koili, kisha CDI, na hali ni ileile. Jaribio la cheche limejibu swali moja tu: cheche ipo. Halikujibu inaruka lini.

Flaiwili imekaa kwenye ncha ya krenki iliyochongoka, ikabanwa kwa nati, na nafasi yake inawekwa sawa na kabari ndogo ya chuma yenye umbo la nusu mwezi. Nati ikilegea, flaiwili hutikisika na kabari hukatika, kisha flaiwili huteleza kidogo. Krenki yenye unene wa milimita 16 ina mzingo wa karibu milimita 50. Kuteleza milimita 1 tu ni sawa na digrii 7. Milimita 2 zatosha kuimaliza karibu taimingi yote ya digrii 15, au kuiongeza maradufu, kutegemea imeteleza upande gani. Umeme wote uko mzima, ila unapiga kwa saa isiyo yake. Kuipima si kazi ngumu: ukifungua mfuniko upande wa flaiwili utaona alama mbili, T ya kilele na F ya cheche. Taa ya taimingi inayowaka na kila cheche, ikimulikwa injini ikiunguruma taratibu, inapaswa kuionyesha F imesimama sawa na alama ya kwenye mwili wa injini. Injini isipowaka kabisa, flaiwili inavuliwa kwa puli yake na kabari inatazamwa kwa macho. Usikubali flaiwili ipigwe nyundo.

Ila kugonga peke yake hakuthibitishi kwamba taimingi imeharibika. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hujiwasha kwa urahisi zaidi ikibanwa, na injini yenye taimingi sahihi kabisa itagonga nayo. Uchakachuaji huo ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake ikaribiane na ya petroli na faida ya kuchanganya ipotee. Kama mlio umeanza siku uliyojaza mafuta kituo kigeni, maliza tangi hilo bila kuvuta mafuta yote, jaza kwingine, usikilize tena. Mlio ukiendelea, au kiki ikianza kurudi, mwambie fundi atazame alama ya F na kabari kabla hujalipia plagi nyingine.