Muhtasari wa Mkataba wa Wanahisa kwa Mwekezaji Mwenye Hisa Chache: Kupungua kwa Umiliki, Ridhaa na Njia za Kutoka

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ya kuandaa muhtasari wa mkataba wa wanahisa kwa ajili ya mwekezaji mwenye hisa chache katika kampuni binafsi nchini Tanzania. Hoja yetu ni kwamba vifungu vinavyohusu kupungua kwa umiliki, ridhaa na kutoka havipaswi kufupishwa kila kimoja peke yake, kwa sababu kimoja kinaweza kukibatilisha kingine. Tutatumia mfano wa kubuni wa kampuni ya kukamua mafuta ya alizeti yenye hisa 10,000 na thamani ya shilingi milioni 500. Mwekezaji ana hisa 2,000, yaani asilimia 20. Zilizosalia ni za waasisi wawili.

2.0 Kupungua kwa umiliki

Tuseme bodi inatoa hisa mpya 5,000 kwa shilingi 20,000 kila moja, ilhali thamani ya hisa ni shilingi 50,000. Kampuni inapokea shilingi milioni 100 na thamani yake inafikia milioni 600, lakini sasa hisa ni 15,000, na kila moja ina thamani ya shilingi 40,000. Mwekezaji asiyenunua hisa yoyote anashuka hadi asilimia 13.3, na mali yake inatoka milioni 100 hadi milioni 80. Kama hisa hizo zingeuzwa kwa shilingi 50,000, umiliki wake ungeshuka vilevile, lakini mali yake ingebaki milioni 100. Kwa hiyo muhtasari utenganishe hasara ya kura na hasara ya thamani.

Kinga ya kawaida ni haki ya kununua kwanza hisa mpya kulingana na uwiano wa umiliki. Katika mfano huu, mwekezaji angehitaji kununua hisa 1,000 kwa shilingi milioni 20 ili abaki na asilimia 20. Muhtasari ueleze muda aliopewa kulipa, pamoja na hisa zisizoguswa na haki hiyo, kama vile za wafanyakazi au zinazotokana na mkopo unaogeuzwa kuwa hisa. Mara nyingi umiliki hupunguzwa kupitia mlango huo.

3.0 Maamuzi yanayohitaji ridhaa

Kwa mujibu wa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, azimio maalumu hupita kwa kura zisizopungua robo tatu za wanaopiga kura. Hivyo, mwenye asilimia 20 hana uwezo wa kulizuia wanahisa wote wanapopiga kura. Nguvu yake hutokana na orodha ya maamuzi ambayo mkataba unasema hayafanyiki bila ridhaa yake: kutoa hisa mpya, kubadili katiba ya kampuni, kukopa kupita kiwango fulani, kuuza kiwanda, na kufanya biashara na jamaa wa waasisi.

Hapa ndipo vifungu hukutana. Tuseme mkataba unatoa haki ya ridhaa kwa mwanahisa mwenye "asilimia 15 au zaidi", na orodha yake haitaji utoaji wa hisa mpya. Utoaji ule wa hisa 5,000 unamshusha mwekezaji chini ya kiwango hicho, na haki yote ya ridhaa inatoweka bila kifungu chochote kuvunjwa. Hisa 250 tu, kwa shilingi milioni 5, zingembakiza kwenye asilimia 15. Aidha, ichunguzwe kama ukimya wa siku kadhaa unahesabiwa kuwa ridhaa.

4.0 Njia za kutoka

Haki ya kuuza pamoja humruhusu mwekezaji kuuza kwa bei na masharti yaleyale anayopata mwasisi. Udhaifu wake huonekana inapoanza kutumika pale tu waasisi wanapouza zaidi ya nusu ya hisa kwa mara moja, kwani wanaweza kuuza kidogo kidogo. Mkataba mzuri hujumlisha mauzo yote ya kipindi kilichotajwa. Kinyume chake, wajibu wa kuuza pamoja humlazimisha mwekezaji kuwafuata wengi, hivyo muhtasari utaje kama kuna bei ya chini kabisa.

Haki ya kumtaka mwingine anunue hisa hutegemea uwezo wa mnunuzi. Ikiwa mnunuzi ni kampuni yenyewe, sheria huweka masharti juu ya ununuzi wa hisa zake, na kampuni isiyo na fedha haiwezi kuyatimiza.

5.0 Hitimisho

Kwa kila haki, muhtasari ujibu maswali matatu: inamfunga nani, inakoma umiliki ukifika kiwango gani, na inarudiwa katika katiba ya kampuni iliyosajiliwa BRELA? Mkataba huwafunga waliousaini tu. Mwanahisa mpya asiyeusaini hafungwi nao, na hapo mwekezaji hubaki na njia ndefu ya kuiomba mahakama nafuu dhidi ya uonevu.