Kabla ya kununua mashine ya bloki, pima gharama zako

Mwenye yadi ya kufyatua bloki za saruji huona faida ikipanda na kushuka kuliko mauzo yenyewe. Mauzo yakipungua kwa robo, faida huenda ikapotea karibu yote. Sababu huwa imo ndani ya daftari lake la gharama.

Tuchukue mfano wa yadi moja ya Mtopanga, kwa tarakimu za kukadiria tu. Bloki inauzwa shilingi 60. Saruji, vumbi la kokoto, maji na malipo ya kibarua anayelipwa kwa kila bloki vinafika shilingi 48. Hizo ni gharama zinazobadilika: usipofyatua, hulipi. Kila bloki basi inaacha shilingi 12, na hizo ndizo za kulipia kodi ya kiwanja, mlinzi, mshahara wa mwenye yadi na leseni ya biashara ya kaunti. Leseni hulipwa mara moja kwa mwaka, kwa hivyo igawe kwa 12 ili kila mwezi ubebe sehemu yake. Tuseme gharama hizi zisizobadilika ni shilingi 36,000 kwa mwezi.

Gawanya 36,000 kwa 12, upate bloki 3,000. Chini ya hapo ni hasara. Yadi hii inauza 4,500, kwa hivyo faida ni shilingi 18,000, na mauzo yanaweza kushuka kwa bloki 1,500, yaani asilimia 33, kabla ya hasara kuanza. Nafasi hiyo ndiyo ukingo wa usalama.

Sasa chukua jumla inayoachwa na bloki zote, shilingi 54,000, uigawe kwa faida ya 18,000. Jibu ni 3. Wahasibu huita kipimo hiki wenzo wa uendeshaji, kwa kuwa gharama zisizobadilika hufanya kazi kama mtaimbo: mauzo yakisogea asilimia 10, faida husogea asilimia 30. Husogea hivyo kwenda juu na kwenda chini pia.

Hapo ndipo suala la mashine linapoingia. Mwenye yadi anafikiria kuacha kalibu za mkono na kununua mashine ya kutetemesha. Malipo ya vibarua yatapungua na gharama ya bloki itashuka hadi shilingi 42. Lakini uchakavu wa mashine, riba ya mkopo na mshahara wa fundi wa kudumu vitapandisha gharama za mwezi hadi 60,000. Kwa bloki zile zile 4,500 faida inakuwa 21,000, na hili humvutia kila mtu. Akipata oda za bloki 6,000, mashine inampa 48,000 pale ambapo kalibu zingempa 36,000.

Tazama sasa miezi ya masika, ujenzi unapolala. Mauzo yakishuka asilimia 30 hadi bloki 3,150, kalibu bado zinabakisha shilingi 1,800. Mashine inaleta hasara ya 3,300. Ukingo wa usalama umepungua kutoka asilimia 33 hadi karibu 26, na wenzo umepanda hadi karibu 4. Njia hizi mbili hulingana kwenye bloki 4,000, kwa sababu nyongeza ya shilingi 24,000 ikigawanywa kwa akiba ya shilingi 6 kwa bloki inaleta 4,000. Swali la kujiuliza, basi, ni miezi mingapi kwa mwaka yadi huuza chini ya 4,000. Wastani wa mwaka unaweza kuificha miezi hiyo.

Makosa mengi hutokea wakati wa kupanga gharama. Kibarua anayelipwa kwa siku, awe na kazi au la, si gharama ya kila bloki. Umeme nao huwa na pande mbili. Linganisha mwezi wa kazi nyingi na wa kazi chache: ikiwa bloki 5,000 zilitumia umeme wa shilingi 9,000 na bloki 3,000 zikatumia wa 7,000, tofauti ni shilingi 2,000 kwa bloki 2,000, yaani shilingi moja kwa bloki. Shilingi 4,000 zinazobaki ni za taa za ulinzi na matumizi mengine yasiyofuata idadi ya bloki. Usichague mwezi ambao pampu iliharibika au bei ya umeme ilibadilika, maana utapata jibu la uongo.

Jambo la mwisho ni mkopo. Katika hesabu ya faida tumeweka riba na uchakavu, lakini benki itataka na mtaji wake kila mwezi. Fanya hesabu ya pili: ondoa uchakavu na riba, weka rejesho zima, kisha ugawe tena kwa kile kinachoachwa na bloki moja. Rejesho likizidi uchakavu na riba kwa shilingi 9,000, bloki za kuuza ili pesa zitoshe zinapanda kutoka 3,334 hadi 3,834, hata kama daftari la faida linaonyesha uko salama.