Mche Mkononi na Hati Sokoni: Ulinganisho wa Dhahabu ya Kushikika na Mfuko wa Dhahabu wa Soko la Hisa kwa Waweka Akiba wa Kasese na Bwera

Utangulizi

Mji wa Bwera umekaa mlangoni mwa mpaka wa Mpondwe, na ng'ambo ya pili ni Kasindi, njia ya kwendea Beni na Butembo. Kwa muda mrefu dhahabu ya mashariki ya Kongo imepita katika njia hiyo kuelekea Kampala na Dubai, na ndiyo maana mkazi wa Bwera akisikia neno "akiba ya dhahabu" huwaza kipande kinachopimwa kwenye mizani, wala si hati. Hata hivyo, tangu mwaka 2017 hati hiyo imekuwa ikiuzwa katika kanda yetu. Mfuko wa NewGold, ulioandikishwa Johannesburg mwaka 2004, uliandikishwa pia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka huo, ukawa wa kwanza wa aina yake katika Afrika Mashariki.

Swali la makala haya ni la kivitendo. Mfanyabiashara au chama cha akiba na mikopo cha Kasese kikitaka kuweka sehemu ya fedha zake katika dhahabu kwa miaka mitano, ni njia ipi itakayokirudishia dhahabu zaidi mwishoni? Hatubishani hapa kama dhahabu ni akiba njema. Tunachukulia uamuzi huo umekwisha kufanyika, na tunapima njia tu. Kwa sababu hiyo hesabu zetu zote ziko katika gramu za dhahabu safi, si katika shilingi, ili kupanda na kushuka kwa bei kusifunike gharama.

Hati inafuataje bei

Kipande kimoja cha NewGold kilianza kikiwakilisha takriban sehemu moja ya mia ya wakia ya troi, na wakia hiyo ni gramu 31.1. Nyuma ya kila kipande pana dhahabu iliyohifadhiwa ghalani. Ada ya uendeshaji haidaiwi kwa mwenye kipande kama bili. Hutolewa katika dhahabu yenyewe, kidogo kidogo, hivyo kipande hupungua uzito kila siku bila mwenyewe kuona.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mfuko mkubwa wa Marekani wa SPDR, ulioanza Novemba 2004. Kipande chake kilikuwa sehemu moja ya kumi ya wakia, na ada ni asilimia 0.40 kwa mwaka. Ukikata asilimia hiyo mara ishirini mfululizo, wakia 0.1 hubaki takriban wakia 0.092. Kwa maneno mengine, katika miaka ishirini mwenye hati amelipa karibu asilimia nane ya dhahabu yake. Pengo hili kati ya bei ya dhahabu na thamani ya kipande ni la hakika na linahesabika mapema, na mshauri hana sababu ya kushangazwa nalo.

Pengo lisilohesabika ni la namna nyingine. Bei ya kipande sokoni hukaa karibu na thamani ya dhahabu kwa sababu wapo wafanyabiashara wakubwa wenye idhini ya kupeleka miche ghalani na kupewa vipande, au kurudisha vipande na kuchukua miche. Kipande kikiwa ghali kuliko dhahabu, wao huleta dhahabu na kuuza vipande mpaka bei ishuke. Kikiwa rahisi, hununua vipande na kutoa dhahabu. Katika soko lenye shughuli nyingi kazi hii hufanyika kwa dakika. Katika soko ambamo vipande huuzwa kwa nadra, bei inayoonekana kwenye ubao inaweza kuwa ya muamala wa siku kadhaa zilizopita, wakati London bei hupangwa mara mbili kila siku ya kazi. Atakayeuza siku hiyo hapati bei ya ubao, bali hupata bei ya mnunuzi aliyepo. Dalili ya kutazama ni umbali kati ya bei anayotaka muuzaji na anayotoa mnunuzi. Ukiwa mpana, mfuko haufuati bei kwa mwenye haraka, hata kama taarifa zake za mwaka zinaonyesha kwamba unafuata.

Kuna pia suala la sarafu, ambalo huwachanganya wengi. Kipande cha Nairobi huuzwa kwa shilingi ya Kenya, lakini dhahabu hupangiwa bei kwa dola. Dhahabu ikishuka asilimia 2 na dola ikapanda asilimia 3 dhidi ya shilingi, kipande hupanda karibu asilimia moja. Huko si kukosea kufuata, kwani mfuko umefuata dhahabu na dola kwa pamoja. Kwa mkazi wa Kasese kinachoumiza si mwendo huo bali ni kubadilisha shilingi ya Uganda kuwa ya Kenya wakati wa kununua na kuirudisha wakati wa kuuza, na kila mara kulipa faida ya mbadilishaji.

Mizani ya Bwera

Dhahabu ya kushikika inayotajwa vitabuni ni mche uliosafishwa, wenye nambari na muhuri wa kiwanda. Miche ya kiwango cha London ina wakia 350 hadi 430 na usafi usiopungua sehemu 995 kwa elfu. Kinachopita Bwera si hicho. Ni dhahabu ya wachimbaji wadogo, iliyochanganyika na fedha na shaba, na mara nyingi hupimwa kwa tola, kipimo kilichotoka Bara Hindi, chenye gramu 11.66. Kuita vitu hivi viwili kwa jina moja ndiko chanzo cha ushauri mbaya.

Tuchukue kipande cha tola moja. Njia ya kawaida ya kukadiria usafi bila mashine ni kukipima hewani, kisha kukipima kikining'inia ndani ya maji. Tuseme kimepungua gramu 0.68 majini. Basi ujazo wake ni sentimita za ujazo 0.68, na kila sentimita ya ujazo ina gramu 17.15. Dhahabu safi ina gramu 19.32. Kama kilichochanganywa ni fedha, yenye gramu 10.49, hesabu inatoa usafi wa asilimia 85. Kama ni shaba, yenye gramu 8.96, kipimo kile kile kinatoa asilimia 89. Mizani haijui ni ipi. Mnunuzi anayedhani ni shaba, naye akawa amekosea, amelipia 89 akapokea 85, yaani amepoteza takriban asilimia 4.5 ya dhahabu yake kabla hajafika nyumbani. Ada ya asilimia 0.40 kwa mwaka ingehitaji zaidi ya miaka 11 kula kiasi hicho.

Kuna udanganyifu ambao maji hayaugundui kabisa. Tungsteni ina gramu 19.25 kwa sentimita ya ujazo, karibu sawa na dhahabu, na mche uliojazwa tungsteni hupita mtihani huo bila shaka yoyote. Mashine ya miale ya eksirei husoma uso tu, kwa hiyo hutenganisha fedha na shaba vizuri lakini haioni kiini. Uhakika kamili hupatikana kwa kuyeyusha sampuli katika maabara.

Lipo pia suala la sheria. Nchini Uganda biashara ya madini inahitaji leseni, na mtu binafsi anayenunua dhahabu ghafi mpakani bila leseni amejiingiza katika kosa, achilia mbali swali la cheti cha asili kinachotakiwa na nchi za Maziwa Makuu. Bei yenyewe ya mpakani huyumba kwa maamuzi ya serikali kuliko kwa London. Mwaka 2021 Uganda iliweka tozo ya asilimia 5 kwa dhahabu iliyosafishwa inayosafirishwa nje na asilimia 10 kwa madini ghafi. Msafirishaji anayekabiliwa na tozo ya namna hiyo hujaribu kuishusha kwa anayemuuzia. Hivyo anayeshikilia kipande Bwera anaweza kuona bei ya London imesimama na yake imeanguka.

Kuhifadhi

Mwenye hati hana shida ya sefu, lakini pia hana dhahabu ya kuikimbilia. Miche iko ghalani mbali, na mwenye vipande vichache hawezi kuidai. Akiuza, hungoja siku tatu za kazi kabla ya malipo, kisha uhamisho wa fedha kuvuka mpaka. Kwa mtu ambaye ada ya shule inadaiwa Jumatatu, siku hizo si jambo dogo.

Mwenye mche huuza siku hiyo hiyo, lakini anailipia nafasi hiyo. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya mwaka 2013 na ya 2020 yalisomba nyumba Kasese na Kilembe. Dhahabu haiozi majini, ila nyumba iliyochukuliwa na mto huenda na kilichofukiwa ndani yake. Mpondwe nayo imeshambuliwa na waasi mwaka 1996 na tena Juni 2023. Hatari kubwa zaidi ya kila siku, kwa maoni yangu, ni ndogo kuliko hizo zote na haitangazwi: jirani kujua.

Gramu mia kwa miaka mitano

Tuchukulie fedha zinazotosha gramu 100 kwa bei ya London. Viwango vifuatavyo ni vya kukadiria ili kuonyesha hesabu, na kila msomaji aweke vyake. Upande wa hati, dalali na kubadilisha fedha vichukue asilimia 3 wakati wa kununua na 3 wakati wa kuuza, pamoja na ada ya asilimia 0.40 kwa mwaka. Mwishoni panabaki gramu 92.2. Upande wa mche mdogo uliosafishwa, muuzaji aongeze asilimia 4 juu ya bei, mnunuzi apunguze 3, na sanduku la benki ligharimu asilimia 0.5 ya dhahabu kwa mwaka. Panabaki gramu 91.0. Mche ule ule ukikaa nyumbani bila malipo, panabaki gramu 93.3.

Tofauti ya gramu 2.3 kati ya sanduku na nyumbani ndiyo bei halisi ya usalama, na ndiyo inayoamua. Anayesema mche ni nafuu kuliko hati, kwa kawaida amesahau kuihesabu. Muda nao hubadili jibu: ada za hati na sanduku hukua kila mwaka, ilhali gharama za kuingia na kutoka hulipwa mara moja, kwa hiyo anayeweka kwa mwaka mmoja anapaswa kutazama dalali na mbadilishaji kuliko ada ya mfuko.

Kwa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama wengi, sipendekezi mche nyumbani kwa mweka hazina, hata kama gramu 93.3 zinavutia. Hasara ikitokea, haitakuwa ya asilimia bali ya kipande chote, na hakuna daftari litakalothibitisha kilichokuwamo. Hati ina taarifa ya akaunti inayoweza kusomwa mbele ya mkutano mkuu. Kwa mtu mmoja mwenye kiasi kidogo na haja ya fedha za ghafla, mche wa gramu chache wenye muhuri unafaa. Dhahabu ghafi ya tola haifai kwa yeyote kati yao maadamu Mpondwe haina kituo cha umma cha kupima usafi, chenye mashine ya eksirei na karatasi ya matokeo anayopewa muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, kabla ya bei kutajwa.