Barua ya kuomba jibu lipitiwe upya

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeandika katika mtihani wa sarufi: «Rafiki yangu amefika.» Mwalimu akaweka alama ya kosa na kuandika «wangu» juu ya neno la pili. Mwanafunzi anaamini jibu lake ni sahihi. Anaweza kuandika hivi:

YAH: OMBI LA KUPITIWA UPYA JIBU LA SWALI LA 7

Mheshimiwa Mwalimu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nashukuru kwa kurejeshewa karatasi yangu pamoja na masahihisho. Katika swali la 7 niliandika «Rafiki yangu amefika», na jibu hilo limehesabiwa kosa. Naelewa kuwa kitenzi hufuata upatanisho wa a-wa kwa kuwa rafiki ni mtu. Hata hivyo, nomino nyingi za uhusiano huchukua kimilikishi chenye y- katika umoja: husemwa «dada yangu amefika» na «ndugu yangu amefika». Kwa kadiri nijuavyo, «rafiki» limo katika kundi hilo. Naomba uliangalie tena jibu hili utakapopata nafasi. Ikiwa nimeelewa vibaya, nitashukuru kuelekezwa.

Wako mtiifu,

Heshima ya barua hii imo katika sarufi yake. Katika «limehesabiwa kosa», kiima ni jibu, na kauli ya kutendwa haimtaji mtendaji. Angeandika «umenikosesha», lawama ingemwangukia mwalimu. Vivyo hivyo, kiambishi «-li-» katika «uliangalie» kinaelekeza ombi kwenye jibu. «Naomba uniongezee alama» lingekuwa ombi la matokeo kabla ya hoja kupimwa.

Kitenzi «kupitia upya» nacho kimechaguliwa kwa makini. «Kusahihisha» kuna maana mbili: kutoa alama na kuondoa kosa. Mwenye kuomba jibu «lisahihishwe upya» huweza kueleweka kuwa anasema usahihishaji wa kwanza ulikuwa na kosa. «Kupitia» ni kutazama tu. Uamuzi hubaki kwa mwalimu.

Jambo la mwisho ni mpaka wa dai. Mwandishi hakusema kwamba «rafiki wangu» ni kosa, kwa maana umbo hilo nalo husikika miongoni mwa wazungumzaji. Wala hakusema kwamba kila nomino ya mtu huchukua y-, kwani tunasema «mwalimu wangu» na «daktari wangu». Amedai tu kwamba jibu lake linakubalika, na akatoa mifano miwili ambayo mwalimu anaweza kuipima papo hapo. Dai likipanuliwa kuliko ushahidi, mwalimu atajibu ile sehemu iliyozidi, na swali la 7 litabaki na alama yake ya kosa.