Mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji Haleti Kisima

Uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia, swali linalonifikia ni lilelile: "Nagombea ujumbe wa halmashauri ya kijiji kwa mara ya kwanza. Nikisimama kujitambulisha, niahidi nini?" Mara nyingi swali huja na rasimu ya utambulisho, na rasimu hizo zinafanana kama zimenakiliwa: jina, shule aliyosoma mgombea, idadi ya watoto, kisha maji, barabara, zahanati, umeme na ajira kwa vijana, na mwishoni kabisa "karibuni kwa maswali". Nimechoka kuzirekebisha kwa kubadilisha maneno, kwa sababu kasoro yake haiko kwenye maneno. Anayeuliza aahidi nini amelirukia jambo la pili kabla ya la kwanza. Alipaswa kuuliza kiti anachokitaka kina mamlaka gani, na jibu la hapo lingemwandikia utambulisho wake karibu wote.

Imani inayowapotosha wagombea na wapiga kura wao ni kwamba mjumbe "huleta maendeleo". Tuipime kwa vitu wanavyoviahidi wenyewe. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na halmashauri ya kijiji haina greda wala fungu la kuikodi. Miradi ya maji vijijini inasimamiwa na RUWASA tangu mwaka 2019, na uendeshaji wa kila siku uko mikononi mwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chenye viongozi wake na hesabu zake. Umeme ni wa REA na TANESCO. Zahanati wananchi wanaweza kuianza kwa nguvu zao mpaka boma likasimama, lakini kumalizia jengo, dawa na waganga ni kazi ya halmashauri ya wilaya. Hata huo mchango wa tofali na mchanga haupangwi na mjumbe, unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mjumbe hana mshahara, hana ofisi yake na hana fungu la kutumia. Ni mmoja kati ya watu 15 hadi 25 wanaokutana mara moja kwa mwezi, katibu wao akiwa mtendaji wa kijiji, ambaye hawakumwajiri wao. Mtu wa namna hiyo akisema "nitawaletea maji", amewauzia watu mali ya mwingine.

Wapo wanaoona hakuna ubaya, kwamba ahadi ni lugha ya kampeni tu na kila mtu anaijua. Ubaya upo, tena mkubwa: ahadi kubwa hufukia swali dogo ambalo mjumbe angeliweza. Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijiji kina pampu ya mkono iliyokufa miezi minne iliyopita. Kaya 200 zilikubaliana kuchangia shilingi 1,000 kila mwezi kwa ajili ya matengenezo. Tuseme ni nusu tu ya kaya hizo zilizolipa kwa uaminifu mwaka mzima. Bado ni shilingi 1,200,000. Mgombea wa kwanza anasimama na kusema ataleta kisima kirefu chenye pampu ya jua. Anapigiwa makofi, na kuanzia hapo hakuna anayekumbuka kuuliza ile milioni moja na laki mbili iko wapi. Mgombea wa pili anasema: "Nikichaguliwa, katika kikao changu cha kwanza nitaomba hesabu ya mchango wa maji iingizwe kwenye ajenda. Nitaomba viongozi wa chombo cha maji waje waisome mbele ya mkutano mkuu, pamoja na bei ya kipuri kilichoharibika. Wakikataa, nitaomba halmashauri yetu iandike barua RUWASA wilayani, na nakala ya barua hiyo mtaiona." Yote hayo yako ndani ya uwezo wake, na baada ya miezi mitatu unaweza kujua kama ameyatenda au hakuyatenda. Na kama fedha za matengenezo hazijulikani zinakokwenda, kisima kirefu nacho kitakufa kama ilivyokufa pampu iliyopo, maana mota ya pampu ya jua ni ghali kuliko kipuri cha pampu ya mkono.

Kuna eneo moja ambako mamlaka ya mjumbe ni makubwa kuliko wagombea wengi wanavyodhani, nalo karibu halitajwi kwenye rasimu hizi: ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, kisha ikaifunga mikono kwa kifungu cha 8: halmashauri haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha kwanza. Njia halali inaeleweka. Mwombaji analeta maombi, halmashauri inayajadili na kwenda kukagua eneo pamoja na majirani wa mipaka, jambo linapelekwa mkutano mkuu likiwa kwenye ajenda iliyotangazwa, wananchi wanaamua, na muhtasari unaandikwa ukiambatanishwa na orodha ya mahudhurio. Karatasi hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Anayetaka kuukwepa mkutano mkuu hahitaji kuwashinda wananchi kwa hoja. Anahitaji muhtasari wenye mhuri.

Kwa hiyo mjumbe anayejua kusoma muhtasari ana thamani kuliko mjumbe anayejua kuhutubia. Dalili za muhtasari wa uongo hazihitaji mwanasheria. Tazama kama tarehe ya mkutano ni siku ambayo wanakijiji wenyewe wanakumbuka kulikuwa na mkutano. Tazama kama majina ya mahudhurio yamesainiwa kwa mwandiko mmoja, kama yamo majina ya marehemu au ya watu waliohama, na kama ajenda ya ardhi ilikuwamo kwenye tangazo au imechomekwa kwenye "mengineyo". Tazama pia kama ukubwa wa eneo na majirani wa mipaka vimetajwa, kwa sababu muhtasari unaosema tu "ameruhusiwa kupewa eneo" unaweza kunyooshwa mpaka popote. Mjumbe akikuta dosari hizo, hatua yake ya kwanza ni kukataa kikaoni na kudai kukataa kwake kuandikwe. Kura yake inaweza kushindwa, lakini pingamizi lililoandikwa litasomwa siku shauri litakapofika kwenye baraza la ardhi. Pingamizi la mdomoni halisomwi na mtu.

Najua hoja itakayofuata: wananchi hawampi kura mtu anayeahidi mihtasari. Sikubaliani nayo. Watu waliopoteza shamba kwa karatasi wasiyoijua hawahitaji kuelezwa maana ya muhtasari kwa muda mrefu. Kinachowachosha ni mgombea anayesema "uwazi na uwajibikaji" bila kutaja karatasi yoyote, kikao chochote wala shilingi yoyote. Sema kwamba taarifa ya mapato na matumizi itasomwa kila mkutano mkuu, na kwamba sheria inataka mkutano huo ufanyike angalau kila baada ya miezi mitatu. Kisha waulize ni lini mara ya mwisho waliisikia ikisomwa. Mkutano utachangamka bila kisima.

Hoja nyingine ina uzito zaidi: mjumbe mwenye kufahamiana na diwani au mbunge anaweza kweli kusukuma mradi ukaja. Naikubali nusu. Mahitaji ya kijiji huibuliwa kijijini, hupita kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kufika halmashauri ya wilaya, na kijiji ambacho mpango wake umeandikwa vizuri kina nafasi kuliko kijiji kilichopeleka orodha ya vitu kumi bila kipaumbele. Basi mgombea aseme hivyo: "Nitapigania daraja la mtoni liwe kipaumbele cha kwanza kwenye mpango wetu, na nitawaletea majibu ya kata." Hiyo ni kauli ya mtu anayejua mlango uko wapi. Sehemu ya pili ya hoja siikubali, kwa sababu kufahamiana na wakubwa hakumpi mjumbe haki ya kuahidi bajeti wasiyoipitisha. Hali ni hiyohiyo kwa sheria ndogo. Mgombea anayeapa kuwatoza faini wenye mifugo inayoingia mashambani ajue kwamba sheria ndogo ya kijiji hupelekwa kwanza mkutano mkuu kupata maoni, kisha halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Faini iliyobuniwa na kikao tu na kutozwa bila stakabadhi ni unyang'anyi, hata kama ng'ombe kweli wamekula mahindi.

Kuhusu kutengeneza utambulisho wenyewe, nitakwenda haraka, maana ukishaelewa hayo ya juu kazi iliyobaki ni ndogo. Kwa utaratibu wetu unagombea kupitia chama, kwa hiyo subiri uteuzi ukamilike na kipindi cha kampeni kianze. Mwaka 2019 na 2024 kampeni zilikuwa siku saba tu, basi andaa maneno yako mapema na yasizidi dakika tano. Anza na kitongoji chako na kazi unayoishi nayo, kisha taja jambo moja ulilolisimamia na linaloweza kuthibitishwa na waliokaa mbele yako, kama kikundi cha kuweka na kukopa, kamati ya shule au usimamizi wa mazishi. Taja mipango mitatu, isizidi, na kila mmoja uufungie kikao, karatasi na muda. Usisome ilani ya chama chako neno kwa neno; ilani ni ya nchi, wewe unaomba kiti cha kijiji. Kama una shamba lenye mgogoro au undugu na anayeomba ardhi ya kijiji, sema mwenyewe kabla hujasemewa.

Maswali yape nusu ya muda wako, usiyaweke mwisho watu wanapoanza kuondoka. Pita vitongojini jioni ambapo akina mama wasiosimama kwenye mkutano wa hadhara wataweza kuuliza. Swali usilolijua liandike mbele ya aliyeuliza, mwambie utamletea jibu siku gani, na umpelekee hata kama jibu ni kwamba jambo hilo liko juu ya kijiji. Jiandae hasa kwa maswali haya manne, kwa sababu yanakuja karibu kila mahali: utafanya nini mwenyekiti asipoitisha mkutano mkuu; nani anashika daftari la stakabadhi za kijiji; nani alipewa ardhi miaka mitano iliyopita, na mkutano gani uliidhinisha; na je, ukipewa bahasha usaini muhtasari, utamwambia nani kwanza?