Oda za mwaka mzima katika jedwali moja

Mwaka ukiisha, duka la vitenge linalopokea oda kwa simu hubaki na orodha ndefu kwenye Excel. Tuseme ina oda 1,200, kila moja na mstari wake, chini ya vichwa vinne: Tarehe, Bidhaa, Malipo na Kiasi. Mwenye duka anataka kujua kipi kiliuzika zaidi, mwezi gani, na fedha ziliingia kwa njia ipi.

Kazi hiyo ni ya jedwali la pivoti. Anabofya ndani ya orodha, anachagua Insert, kisha PivotTable. Bidhaa anaiburuta hadi kwenye Rows, Tarehe kwenye Columns, Kiasi kwenye Values. Miezi isipojipanga yenyewe, anabofya tarehe mojawapo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, anachagua Group, halafu Months. Orodha ikiwa imevuka mwaka, aongeze Years, la sivyo Januari zote mbili zitajumlishwa pamoja.

Akitaka njia za malipo, anaondoa Bidhaa kwenye Rows na kuweka Malipo. Hapa ndipo uzembe wa mwaka mzima hujitokeza. Kwa mwezi wa Juni anaona Taslimu 600,000, M-Pesa 410,000, Mpesa 265,000 na M pesa 75,000. Kwa haraka angesema wateja wengi hulipa taslimu. Lakini hizo tatu za mwisho ni njia moja iliyoandikwa kwa namna tatu, na jumla yake ni 750,000. Excel haiwezi kujua hilo. Dawa ni kurudi kwenye orodha yenyewe, kusawazisha tahajia kwa Find and Replace, kisha kubofya jedwali kwa kitufe cha kulia na kuchagua Refresh. Bila Refresh, jedwali linaweza kuendelea kuonyesha hesabu za zamani.

Kuna kosa jingine, nalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Watu wengi huandika bei kwa mazoea ya dukani: 45,000/=. Kwa Excel hayo ni maneno, si namba. Dalili yake ni kichwa cha jedwali kusomeka Count of Kiasi badala ya Sum of Kiasi, yaani oda zinahesabiwa idadi tu. Mtu akilazimisha Sum, oda hizo huingia kama sifuri, na mauzo hupungua kimyakimya.

Kujumlisha safu kwa mkono hakutalifichua, maana SUM nayo huyaruka maneno. Kipimo cha kweli ni hiki, Kiasi kikiwa safu ya D:

```
=COUNT(D2:D1201)
```

Jibu likiwa 1,163, kuna oda 37 ambazo kiasi chake si namba. Zitafute na kuzirekebisha kabla ya kumpelekea mhasibu jedwali hilo.